Jinsi ya Kutegua Kitendawili Bila Kukariri Jibu

Jioni moja stima zilipotea mtaani kwetu Umoja, na watoto wa ploti wakaja kukaa kwenye ngazi nje ya mlango wangu, tochi ya simu ikiwa imeegemezwa ukutani. Nikatega: "Kuku wangu katagia miibani." Mtoto wa Gredi ya Tano alijibu kabla sijafunga mdomo: "Nanasi!" Nikamuuliza kwa nini nanasi na si kitu kingine. Akanyamaza, kisha akasema, "Ndivyo iko kwa kitabu, anti."

Jibu lake lilikuwa sahihi, lakini hakuwa ametegua chochote. Alikuwa amekariri orodha, na kesho yake ningemtegea kitendawili kisichokuwa kwenye orodha hiyo angekosa pa kuanzia. Tangu siku hiyo tukakubaliana kwamba kwenye ngazi zetu jibu lisilo na maelezo halihesabiki. Anayejibu lazima aonyeshe kila neno la kitendawili linagusa wapi kwenye kitu alichokitaja. Njia tunayotumia ndiyo hii, na kuku wa miibani tutamrudia baadaye, kwa sababu anahitaji nafasi yake.

Sikiliza lote kabla ya kukisia

Mtegaji akisema "Kitendawili!" na nyinyi mkaitikia "Tega!", kinachofuata ni sentensi fupi sana. Sentensi fupi kiasi hicho haina neno la kujaza nafasi. Ukikosa neno moja umekosa pengine theluthi ya habari yote.

Chukua vitendawili viwili vinavyoanza sawa. "Nyumba yangu haina mlango," na "Nyumba yangu ina nguzo moja." Mtoto aliyezoea kukariri akisikia "Nyumba yangu..." tu anapiga kelele "Yai!" Kwa kile cha kwanza amepata. Kwa cha pili amekosea, maana yai halina nguzo hata moja. Kwa hiyo subiri. Ukihitaji, mwombe mtegaji arudie, si aibu, kisha ukiseme mwenyewe kwa sauti neno kwa neno kama alivyokisema. Usikitafsiri katika maneno yako mapema. Hapa Nairobi watoto wengi wanasikia Kiswahili sanifu kikitoka mdomoni mwa mtu mzima na papo hapo wanakigeuza kiwe cha mtaani, na katika kugeuza huko "katagia" inakuwa "iko kwa". Neno la kutaga limeshapotea, na kuku wa kutusaidia ameenda nalo.

Tenga jina la bandia na sifa

Vitendawili vingi vinakupa jina la kitu ambacho sicho, kisha vinakupa sifa ambazo ndizo zenyewe. Nyumba, kuku, kamba, kisima, shamba, wanangu: hayo ni majina ya bandia. Kinachofuata baada ya jina hilo ni sifa. Kazi yako ya kwanza ni kujua mpaka uko wapi.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni mtu kubaki ndani ya jina la bandia. Akiambiwa nyumba, anatafuta nyumba nyingine: kanisa, hema, kaburi, kontena. Mtegaji asingejisumbua kutumia jina la nyumba kuficha nyumba. Kwa hiyo ukisikia nyumba, zifute nyumba zote kichwani. Ukisikia kuku, ndege wote watoke.

Lakini usilitupe jina la bandia kabisa, maana nalo linatoa ushahidi. Liulize limechaguliwa kwa sababu ya nini: umbo lake, kazi yake, au uhusiano wake na kitu kingine? Katika "Kisima kidogo kimejaa changarawe," kisima kimechaguliwa kwa umbo. Ni shimo, linafunguka upande mmoja, na lina maji. Changarawe ni vitu vidogo, vigumu, vingi, vilivyopangana. Sasa sema sentensi upya bila majina: kuna shimo dogo lenye unyevu, ndani yake vimejaa vitu vidogo vigumu. Ukiisema hivyo kwa sauti, ulimi wenyewe unakugusa meno. Jibu ni kinywa na meno.

Neno "yangu" au "wangu" usilipe uzito mkubwa. Ni desturi ya kutega. Mtegaji anasema "shamba langu" hata kama kitu chenyewe kiko kwa kila mtu. Nimeona watoto wakipoteza muda kufikiria vitu ambavyo mimi ninavimiliki, hadi mmoja akataja pasi yangu ya kunyooshea nguo.

Tafuta neno linalokana

Baada ya kutenga, tafuta pale ambapo kitendawili kinajipinga. Mara nyingi kuna neno la wazi: lakini, ingawa, bila, wala, au kiambishi cha kukana kama haina, hana, haifungi. Hapo ndipo jina la bandia na kitu chenyewe vinaachana, na ukilielewa neno hilo umelipata jibu zaidi ya nusu.

Tuone yai polepole. Nyumba ina kuta, inahifadhi kilicho ndani, na mara nyingi ndani yake mna uhai. Hayo tunaweza kuyabakiza. Sasa kitendawili kinasema haina mlango. Jiulize maswali ambayo kukosekana kwa mlango kunayaleta: mwenye nyumba aliingiaje? Hakuingia, alianzia humo humo. Atatokaje? Kwa kuvunja ukuta. Kitu chenye kuta pande zote, kinachohifadhi uhai ulioanzia ndani, na ambacho hakifunguki ila kwa kuvunjwa, ni yai. Mtoto aliyepita njia hiyo hatasahau, kwa sababu hakubeba neno tu. Ameelewa kwa nini yai halifanani na sufuria yenye kifuniko wala na sanduku lenye kufuli, ingawa navyo vina kuta pande zote.

"Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" inakwenda vivyo hivyo. Kamba inabakiza urefu, kujipinda, na kulazwa kati ya mahali na mahali. Neno "lakini" linaondoa kazi ya kufunga. Kitu kirefu, kinachojipinda, kimelala, hakiokoteki: barabara au njia. Hapa mtoto mmoja alisema "mto," na sikuweza kumpinga haraka. Mto nao ni mrefu, unajipinda, haufungi kuni. Tulijadili kwa dakika kadhaa. Mwishowe nilimwambia jibu la wazee ni njia, na sababu ninayoiona mimi ni kwamba kamba hukaa ilipowekwa na mtu huishika kuifuata, ilhali mto una maji yanayokwenda, na kitendawili hakikutaja mwendo wala maji. Kama kingetaka mto, sifa hiyo kubwa isingeachwa nje. Kanuni hiyo inasaidia mahali pengi: sifa kuu ya jibu lako ikiwa haijaguswa kabisa na kitendawili, shuku jibu lako.

Na "Shamba langu kubwa lakini mavuno hayajai kiganjani"? Hapa kinachokanwa ni uwiano. Eneo ni pana, kinachovunwa ni kidogo. Swali la kujiuliza ni: nini huota kwa wingi, hukatwa, kisha kikikusanywa kinakuwa fumba tu la mkono? Mpeleke mtoto kinyozi, mwangushie macho sakafuni. Ni nywele.

Ngeli zinaposaidia, na zinaponyamaza

Hili sijaliona likifundishwa, nami nililigundua kwa kutegeana na nyanya yangu, ambaye hakusoma sarufi lakini alijua kusikiliza viambishi.

Kitendawili chenye jina la bandia hakitakusaidia kwa ngeli, kwa sababu vitenzi vinafuata jina hilo la bandia. "Kamba... haifungi" inafuata kamba, si barabara. Lakini vipo visivyo na jina lolote, kama "Haukamatiki wala haushikiki." Hapo sikiliza kiambishi. "Ha-u-" inadai kitu kinachosema "u": moshi unafuka, upepo unavuma. Mtoto akijibu "kivuli," mwambie aweke kivuli ndani ya sentensi. Kivuli hakikamatiki. Kitendawili hakikusema "hakikamatiki." Kivuli kimeanguka, na moshi umebaki mkononi. Upepo nao unaweza kubaki, lakini wazee wana kitendawili kingine cha upepo, "Namsikia lakini simwoni," na moshi unaoonekana bila kushikika ndio unaonoga hapa: unauona, unanyoosha mkono, unafumba kiganja hewani.

Tahadhari moja. Kiambishi cha mtu, "a-" au "-m-", hakikuambii kitu. Mtegaji anaweza kukifanya kitu chochote kiwe mtu. "Kila mtu humwabudu apitapo" ni mlango, ule mlango mfupi unaomlazimu mtu kuinamisha kichwa. Mlango si mtu, lakini umepewa "m" ya mtu ili uabudiwe. Na katika "Akitokea watu wote humwona," anayetokea ni jua. Kwa hiyo ukisikia "u-", "ki-", "i-" bila jina la bandia, fuata. Ukisikia "a-", endelea na sifa nyingine.

Sikiliza pia wakati wa kitenzi. "Hu-" ni mazoea, jambo linalotokea kila siku au kila mara. "Ka-" ya katoka au katagia ni hali iliyokwisha kutokea na inaonekana hadi sasa. Jibu la tukio la mara moja halikai vizuri kwenye "hu-".

Kuku wa miibani, neno kwa neno

Turudi sasa kwa kuku. Yule mtoto wa "ndivyo iko kwa kitabu" alinuna kidogo, nikamwambia asahau jibu, tuanze upya wote pamoja.

Kuku ni jina la bandia, kwa hiyo ndege wote waondoke. Amechaguliwa kwa nini? Si kwa umbo, maana hatukuambiwa lolote kuhusu mabawa, mdomo wala miguu yake. Kitu pekee alichofanya ni kutaga. Basi amechaguliwa kwa uhusiano: ni mzazi aliyetoa kitu. Kinachotagwa ni cha mviringo au kinakaribia, kinatoka mwilini mwa mzazi, kinakaa palepale kilipowekwa, na hakifanani na mzazi. Na kinatagwa chini, kiotani. Hakuna neno la kukana hapa, lakini kuna jambo la kushangaza linalofanya kazi ileile: kuku mwenye akili hatagi kwenye miiba. Mahali ndipo penye siri.

Nikawauliza: nini kinatoa kitu cha mviringo katikati ya miiba? Majibu yakaja kwa mkupuo. Nungunungu. Seng'enge ya ukuta wa jirani. Mlimau. Dungusi kakati, lile tunda linaloota kwenye mmea mnene wenye miiba. Tukayapima moja moja.

Nungunungu ana miiba, lakini anazaa, hatagi, na mtoto wake anafanana naye. Ametoka. Seng'enge haizai kitu. Imetoka. Mlimau ulitusumbua zaidi. Una miiba ya kweli, unazaa kitu cha mviringo, na limau halifanani na mti. Lakini malimau yananing'inia matawini, mengi, huku na huku. Kuku hatagi akining'iniza mayai hewani. Neno "katagia" linataka kitu kilichokaa juu ya kitu, kimezungukwa kama kiotani. Dungusi kakati nalo linaota kwenye kingo za mmea, kwa nje, na lenyewe limejaa vimiiba mwilini, wakati yai la kuku wetu liko ndani ya miiba.

Hapo ndipo nilipogundua tatizo halisi. Watoto wale walijua nanasi vizuri sana, lile la vipande, lililomenywa na kukatwa juu ya mkokoteni karibu na stendi ya matatu. Hakuna hata mmoja aliyejua linavyoota. Wawili walidhani linaota juu ya mti mrefu kama papai. Nikawaeleza: nanasi ni mmea wa chini, hauna shina refu. Majani marefu, magumu, yenye ncha kali, na katika aina nyingine yenye miiba pembeni, yanatoka ardhini yakizunguka kila upande. Baada ya zaidi ya mwaka katikati yake linatokea tunda moja, limekaa wima juu ya kikonyo kifupi, majani yamelizingira. Ukitaka kulichuma bila kujikwaruza lazima uingize mkono kwa uangalifu, kama unavyouingiza chini ya kuku anayeatamia.

Yule wa Gredi ya Tano akasema taratibu, "Kwa hivyo hayo majani ndiyo kiota." Hapo ndipo alipotegua. Kila neno sasa lina mahali pake. Kuku ni mmea wenyewe, kutaga ni kuzaa tunda moja lililokaa katikati, miiba ni majani. Miezi miwili baadaye mama yake alinisimulia kwamba walipokuwa wakisafiri kupitia Thika, mtoto aliona mashamba makubwa ya mananasi kando ya barabara akapiga kelele ndani ya matatu, "Mayai ya kuku!"

Kitu chenyewe kikiwa kigeni

Nanasi lilinifundisha mpaka wa njia hii. Unaweza kusababu vizuri hadi mwisho na bado ukakwama, kwa sababu kitu kilichofichwa hukijui kama mtungaji alivyokijua. Hapo usimlaumu mtoto kwa uvivu. Mweleze kitu.

Mfano mzuri ni "Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana." Wanafunzi wengi wa Nairobi wanajua jibu ni mlango, na hakuna kati yao anayeweza kueleza wawili ni kina nani. Mlango wa nyumba zetu za ghorofa una ubao mmoja, au chuma kimoja chenye komeo. Lakini nenda Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu utazame mlango wa kizamani. Una mbao mbili zinazofunguka kila mmoja upande wake, na ubao wa katikati unaoitwa mfaa umepigiliwa kwenye mmoja wao ili zikifungwa zikutane pale. Mchana zimeachana, kila mmoja umeupa mwenzake mgongo, huyu ukuta wa kushoto, huyu wa kulia. Usiku zinasogezwa, zinagusana, zinafungwa kwa komeo moja. "Hugombana" na "hupatana" vyote viwili vinakaa sawasawa. Kwa mtoto wa ghorofani kuna mahali pa karibu pa kumwonyesha: lango kubwa la ploti lenye mabawa mawili, linalofungwa usiku na mlinzi.

"Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni" ni kikombe. Umbo linaonekana haraka ukisimama ukashika kiuno: mkono umejikunja, una tundu katikati, umeunganika na mwili juu na chini. Ndio mshikio. Kilichobaki, "katoka Ulaya" na "Mzungu," kinaeleweka ukijua kwamba vikombe vyeupe vya udongo vilikuja kama bidhaa kutoka ng'ambo, wakati nyumbani watu walikunywea kata na kibuyu. Mtoto aliyezoea kikombe cha plastiki cha bluu kilichonunuliwa Gikomba atasababu hadi kiunoni na kusimama hapo. Nusu hiyo mpe haki yake, kisha mwongezee nusu ya pili.

Kinapokuwa mlio

Vipo vitendawili ambavyo mlio ndio sifa yote. "Parrr mpaka Maka!" Hakuna jina la bandia, hakuna neno la kukana. Usikae kufikiria Maka, maana Maka hapa ni umbali tu, mahali pa mbali sana. Tumia mdomo wako. Sema "parrr" kwa sauti ndefu uone mwili unataka kufanya nini. Ni kitu kinachokwenda bila kusimama, bila hatua, kwa mfululizo mmoja. Watoto wa upande wa Embakasi hawakawii hapa. Wanaujua ule udongo mweusi baada ya mvua, mguu ukishaanza safari hausikii breki. Jibu ni utelezi.

Ukishindwa, toa mji

Kusababu kuna mwisho wake, na mchezo una mlango wa kutokea. Mtegaji akiona mmekwama anasema, "Nipeni mji." Mnamtajia. Anaweza kuukataa, "Naivasha siutaki," hadi mumtajie unaomridhisha, tuseme Mombasa. Kisha anasimulia: "Nilikwenda Mombasa, watu wa Mombasa wakanipokea kwa pilau na maji ya madafu, wakaniuliza mbona umewaacha wenzako, nikawaambia wenzangu wameshindwa hata kuijua nanasi."

Kwetu tumeongeza sharti moja kwenye ngazi. Aliyepewa mji lazima, baada ya kutaja jibu, aeleze kila neno. Akishindwa kueleza, mji unarudi kwa waliomkabidhi. Sharti hili limetusaidia kuwakamata wanaotega vitu wasivyovijua wenyewe, na limewafanya wajiandae nyumbani. Watoto wa Kikikuyu wamekuja na vitendawili vyao vinavyoanza "Gwata ndai," wengine wamewauliza shosho zao kwenye simu, na tunavigeuza kwa Kiswahili, tukiangalia kama sifa zinabaki sawa baada ya kuhama lugha. Vile vya umbo huhama vizuri. Vile vya mlio mara nyingi hukataa.

Ni vizuri pia kujua kwamba wakati mwingine majibu mawili yatapita mtihani. Turudi kwenye "Nyumba yangu ina nguzo moja." Jibu la wazee ni uyoga: paa pana la mviringo, mguu mmoja, umesimama ardhini. Mtoto mmoja alijibu mwavuli. Nilimwambia mwavuli haukai ardhini, unashikwa, na nyumba haishikwi. Akanishika mkono akanipeleka hadi roshani, akanionyesha mwavuli mkubwa wa mama anayeuza matunda kona ya barabara, nguzo yake imechimbiwa kwenye debe lenye saruji, na yeye na ndizi zake wote wako chini ya kivuli chake tangu asubuhi. Paa lipo, nguzo moja ipo, umesimama ardhini, na kuna mtu anayekaa ndani. Nikampa. Uyoga hauna hata mkazi.

Kupima ulichotunga mwenyewe

Ukishazoea kwenda kutoka kwenye maneno hadi kwenye kitu, geuza mwendo. Chagua kitu cha nyumbani, orodhesha kichwani sifa zake tatu, tafuta kitu kingine chenye sifa mbili kati ya hizo, na ile ya tatu iwe ndiyo inayopingana. Kisha kitege kwa watu wawili wasiojua jibu. Wakilipata papo hapo, umefunua mno. Wakikipa majibu matano yote yakakaa sawa, umeficha mno, ongeza sifa moja.

Yule wa Gredi ya Tano alileta chake wiki iliyopita: "Namlisha ukutani, ananisemesha siku nzima." Wenzake wakasema redio. Tukapima. Redio ya nyumbani nayo inachomekwa ukutani na kusema, lakini "namlisha" ina maana analishwa kisha anaondoka na shibe yake, na redio yao ukiichomoa inanyamaza papo hapo. "Ananisemesha" nayo inataka anayesubiri ujibu, wakati redio inasema tu. Mtoto mwingine akatazama ile tochi iliyoegemezwa ukutani, chaji yake imebaki asilimia nne, akasema, "Ni simu, na ana njaa."